Maskara iliyotiririka, michirizi ya machozi na macho yaliyovimba: utengeneze picha kwa Snapseed, kwa GIMP, au uigeuze nyeusi-na-nyeupe?

Picha ya kolasyo ambayo familia huitaka ukutani mara nyingi ni ile ya kilio. Binti amevaa toga, jina lake limetoka kutajwa, mama amemkumbatia, na makiyaji yaliyopakwa kwa utaratibu asubuhi yameteremka hadi mashavuni. Hakuna anayetaka kuitupa picha hiyo, na hakuna anayetaka kuitundika saluni ikiwa na weusi chini ya macho.

Wanaoshughulika na picha za namna hii hapa Lubumbashi hukwama kati ya njia tatu. Ya kwanza ni kutengeneza kwenye simu kwa Snapseed. Ya pili ni kukaa kwenye kompyuta na GIMP. Ya tatu ni kuigeuza picha kuwa nyeusi-na-nyeupe na kusafisha kidogo tu. Zote tatu hazidai malipo ya programu, na kila moja ina mahali inapofaulu na mahali inapoharibu. Nitazipima kwa picha moja ili ulinganisho uwe wa haki.

Tunapima nini

Kipimo cha kwanza ni kasoro yenyewe. Maskara, mchirizi wa chozi na uvimbe havifanani hata kidogo, na kifaa kinachoondoa kimoja kinaweza kukiharibu kingine. Cha pili ni ngozi: baada ya kazi, vitundu na vinyweleo vionekane bado, shavu lisiwe kama plastiki. Cha tatu ni rangi ya mtu. Akitoka mweupe kuliko alivyo, au akabaki na doa la rangi ya majivu, kazi imeshindikana hata kama weusi umetoka. Cha nne ni ukubwa wa chapa, yaani picha itaishia kwenye statusi au kwenye kadre ya A3. Cha mwisho ni hali yetu ya hapa: delestaji, mashine yenye nguvu ndogo, na muda ulio nao kabla familia haijaanza kuuliza.

Kuna jambo la kumuuliza mwenye picha kabla ya hayo yote, nalo ni nini kibaki. Kwa picha ninayoitumia hapa, binti alisema wazi: "Yaya, toa ule weusi tu. Machozi uyaache." Nakubaliana naye kabisa. Maskara iliyosambaa ni ajali ya makiyaji, lakini chozi ndilo lililoifanya picha ipigwe. Mwingine ataomba vyote vitoke, na hiyo ni haki yake, ila ulizo lije mapema kwa sababu jibu lake linabadilisha njia utakayoichagua.

Kasoro tatu, tabia tatu

Picha yenyewe imetoka kwenye kamera, pikseli 6,000 kwa 4,000, na familia inataka A3. Chini ya jicho la kulia kuna maskara ya aina mbili. Karibu na pua ni nene, nyeusi kabisa. Kuelekea sikio ni nyembamba, imetandazwa kama upepeo, kwa kuwa alijifuta kwa mgongo wa mkono. Shavu la kushoto lina michirizi miwili: mmoja umefika pembeni mwa mdomo, mwingine umeishia katikati ya shavu na tone bado linang'aa. Kope za juu zimevimba, na weupe wa macho umekuwa mwekundu.

Maskara nyembamba ni kama kioo cheusi kilichowekwa juu ya ngozi. Ukivuta picha karibu utaona vitundu vya ngozi chini yake, maana yake ngozi iko pale, imetiwa giza tu. Hiyo haihitaji kubadilishwa. Inahitaji kuongezewa mwanga, kisha kurudishiwa joto la rangi. Hapo ndipo wengi hukosea. Kwenye ngozi ya kahawia, weusi wa maskara huelekea ubaridi, kijivu chenye ubuluu kidogo. Ukiongeza mwanga peke yake, weusi unakuwa majivu, na jicho la mtazamaji linaenda moja kwa moja kwenye majivu hayo. Maskara nene ni habari nyingine. Chini yake hakuna ngozi iliyorekodiwa, kwa hiyo ni lazima ulete ngozi kutoka mahali pengine pa uso ule ule.

Mchirizi wa chozi una sehemu mbili zilizolala pamoja. Kuna mng'ao wa maji, mstari mwembamba mweupe, na kuna njia ambayo chozi limeosha fondoten ikaacha ngozi halisi wazi, mara nyingi nyeusi kidogo kuliko fondoten iliyobaki pembeni. Siku za kiangazi, vumbi letu jekundu linaweza kunasa kwenye unyevu huo, na mstari ukapata rangi ya tatu. Ukiondoa mng'ao tu, mstari wa giza unabaki na unaonekana kama kovu.

Uvimbe si doa hata kidogo. Ni umbo, na kwenye picha umbo ni mwanga na kivuli: sehemu iliyojaa inapata mwanga, mkunjo ulio chini yake unapata giza. Kifaa cha kufuta madoa hakijui la kufanya hapo. Kinachosaidia ni kupunguza mwanga juu ya kilichojaa na kuongeza mwanga kidogo ndani ya kivuli chake. Usivuke nusu ya safari. Ukiufuta mkunjo wote wa kope, mama yake atakuuliza huyo ni mtoto wa nani.

Ushauri mmoja kuhusu faili, na unahusu njia zote tatu: omba picha ya asili. Ile iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imepunguzwa hadi karibu pikseli 1,600 upande mrefu, na kuzunguka weusi wa maskara utaona vijisanduku vya mgandamizo. Kifaa chochote cha kuponya kitanakili vijisanduku hivyo na kuvisambaza shavuni. Pikseli 1,600 zinatosha kuchapa sentimita 13 hivi kwa ubora wa alama 300 kwa inchi, wakati A3 inaomba 4,961. Mwambie mpiga picha aitume kama dokima, si kama picha.

Snapseed kwenye simu

Tuanze na maskara. Kwa ile nyembamba Snapseed inafaa kuliko watu wanavyodhani, mradi usikimbilie Healing. Fungua Brush, chagua Dodge & Burn, shusha nguvu hadi 5, vuta picha karibu mpaka jicho lijaze kioo, kisha pitisha kidole juu ya upepeo wa weusi taratibu. Weusi utapungua na majivu yatatokea. Hapo hapo, bado ndani ya Brush, hamia Temperature na uweke 5, pitisha mara moja, kisha Saturation 5 ikihitajika. Kahawia inarudi. Ukiona eneo limekuwa la machungwa umezidisha, basi shusha namba hadi 0, ambayo ni kifutio, ufute kidogo. Alama ya jicho iliyo chini ya kioo inakuonyesha kwa wekundu mahali brashi ilipopita, na ni vizuri kuibonyeza, kwani kidole ni kinene na mara nyingi kimegusa nywele za kope bila wewe kujua.

Maskara nene ndiyo inayoishinda Snapseed. Healing yake inajichagulia yenyewe mahali pa kuchukua ngozi, na huwezi kuielekeza. Katikati ya shavu inachagua vizuri. Karibu na nywele za kope inachukua weusi wa nywele na kuumwaga kwenye ngozi, au inalainisha ukingo wa jicho ukawa ukungu. Kwa picha yetu, upande wa karibu na pua ulitoka na kiraka. Unachoweza kufanya ni kukaribia ukingo bila kuugusa, kuacha uzi mwembamba wa weusi kando ya nywele za kope, ambao mtazamaji atauona kuwa ni wanja. Kwa picha ya simu hiyo inatosha. Kwa A3 haitoshi.

Michirizi inatoka vizuri kwa Healing kama utakwenda kwa vipande vifupi. Usivute kidole kutoka jichoni hadi mdomoni kwa mpigo mmoja. Gusa, inua, gusa, inua, kila mguso usizidi upana wa mchirizi wenyewe. Ukifika kwenye mkunjo wa pua au ukingo wa mdomo, simama. Hapo Healing huvunja mstari wa mdomo, na mdomo uliovunjika unaonekana upesi kuliko chozi. Kumbuka kwamba brashi hii haina namba ya ukubwa: unaipunguza kwa kuvuta picha karibu.

Kwa macho yaliyovimba, tumia Dodge & Burn tena: -5 juu ya sehemu iliyojaa, 5 ndani ya mkunjo. Kwa wekundu wa macho weka Saturation -5 juu ya mishipa tu. Usiyang'arishe kwa Dodge. Weupe wa jicho si mweupe kama karatasi, una kivuli cha kope juu yake, na watu wengi wenye ngozi nyeusi wana alama za kahawia humo kwa asili. Hizo ni zake, usizitoe. Umbo lenyewe Snapseed haiwezi kulibadilisha, kwa kuwa haina kifaa cha kusogeza kope.

Ngozi inabaki salama ukikaa mbali na ulainishaji wa Portrait, ambao unapita usoni kote na kuondoa vitundu hata mahali pasipo na tatizo. Gharama ni ndogo: programu ni ya bure, ukishaiweka haihitaji mega, na delestaji ikikukuta kazini simu inaendelea. Kabla ya kuhifadhi, ingia Settings uweke ubora wa JPG kwenye 100%, na uhakikishe picha haipunguzwi ukubwa.

Njia hii inamfaa mwenye picha moja au chache, zenye maskara nyembamba, zitakazokaa kwenye simu au kuchapwa 10 kwa 15. Inamfaa pia mpiga picha anayetaka kuwapa familia kitu jioni ile ile wakati kazi kubwa inasubiri.

GIMP kwenye kompyuta

Hapa maskara nene inapata dawa, na dawa hiyo ni Clone. Tofauti yake na Healing ya simu ni kwamba wewe ndiye unayechagua ngozi ya kuleta: shika Ctrl, bofya ngozi safi, kisha paka. Kwenye picha yetu ngozi safi ilipatikana chini kidogo ya weusi wenyewe, kwenye mfupa wa shavu. Usiichukue kwenye paji la uso, kwa sababu vitundu vya paji ni tofauti na ngozi ya chini ya jicho ni laini zaidi.

Siri iko kwenye Mode ya Clone. Ukiiweka Lighten only, brashi inabadilisha tu pikseli zilizo nyeusi kuliko ngozi uliyoichagua. Ngozi safi inayozunguka doa haiguswi, kwa hiyo kiraka hakina mpaka. Weka Opacity 30 au 40, brashi laini, upite mara kadhaa badala ya mara moja kwa nguvu. Nywele za kope nazo ni nyeusi, kwa hiyo usizipitie. Fuata mstari wake kwa brashi ndogo, na zile zilizogandamana kwa maskara ziache hivyo. Kwa mng'ao wa chozi geuza mambo: Darken only inagusa pikseli zinazong'aa kuliko ngozi peke yake. Mstari mweupe unazimika, na mstari wa giza ulio chini yake unausafisha baadaye kwa Lighten only. Sehemu mbili za mchirizi, hatua mbili. Tone lililo katikati ya shavu tuliliacha kama binti alivyotaka, na njia iliyo juu yake ikasafishwa nusu tu, ili tone lisionekane kama limedondoka kutoka hewani.

Kwa upepeo mwembamba, fanya nakala ya leya, inua Colors, Curves mpaka weusi uwe sawa na ngozi ya jirani, kisha ongeza mask nyeusi ili badiliko lote lifichike. Baada ya hapo paka kwa nyeupe, Opacity 15 au 20, mahali penye weusi tu. Majivu yakitokea, weka leya mpya tupu yenye Mode ya HSL Color, chukua rangi ya shavu safi, upake kwa wepesi. Leya hiyo inabadilisha rangi bila kugusa mwanga wala vitundu, na ndiyo inayoirudisha ngozi kuwa ngozi ya mtu huyo.

Kuna kifaa kingine kinachostahili kujulikana: Filters, Enhance, Wavelet decompose. Kinaitenganisha picha kuwa leya za ukubwa tofauti, kuanzia vitu vidogo sana kama vitundu vya ngozi, hadi leya ya mwisho iitwayo Residual yenye rangi na mwanga mpana tu. Ukisawazisha rangi kwenye Residual, vitundu havijui kama kuna kilichotokea. Kwa shavu ambalo fondoten imeoshwa kwa mapana, kila mahali rangi tofauti, hakuna njia safi zaidi ya hii. Ukiwa kwenye Residual, tumia brashi ya kawaida kwa Opacity 20, ukichukua rangi ya jirani kwa Ctrl. Mchirizi mwembamba hautakuwa wote kwenye Residual. Zima leya moja moja uone unapotelea wapi, na ndani ya leya hiyo upake kijivu cha katikati, 808080, juu ya mstari. Kijivu hicho ndani ya leya hizo maana yake ni "hapa hakuna kitu", kwa hiyo mstari unatoweka na vitundu vya leya nyingine vinabaki.

Uvimbe una mwanga na kivuli kama kwenye simu, ila kwa mask na kwa kiasi unachokiona vizuri zaidi. Kisha kuna Warp Transform. Chagua Move pixels, brashi pana kuliko kope nzima, nguvu ndogo, na usukume ukingo wa kope ya juu kwa pikseli chache tu kuelekea ulikokuwa. Brashi ndogo inatengeneza mawimbi. Angalia mstari wa nyusi na ukingo wa mboni: vikipinda hata kidogo, rudi nyuma. Uvimbe wa kope zote mbili unapungua, lakini uso wa mtu aliyelia unabaki uso wa mtu aliyelia, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ubaya wa GIMP ni muda wa kujifunza na mashine. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 iliyotenganishwa kuwa leya sita inaichosha kompyuta yenye memori ya giga 4. Nakili uso peke yake uuweke kwenye leya yake, utenganishe hiyo, mengine yabaki. Kompyuta ya mezani isiyo na betri inazimika na kila kitu delestaji ikipita, basi Ctrl+S iwe tabia, na uhifadhi kama XCF ili leya zibaki. JPG itoke mwishoni kabisa.

Mwenye Photoshop atakuta karibu kila kitu hiki kwa majina yaliyo jirani: Clone Stamp yenye Lighten na Darken, Curves yenye mask, Liquify badala ya Warp. Ni rahisi zaidi kuifanyia kazi kwa haraka, ila inalipiwa kila mwezi kwa njia za malipo ya mtandaoni, na kopi za kuvunjwa zinazozunguka kwenye flashi ni hatari kwa picha zote za wateja wako. Kwa kazi hii ya macho na machozi, GIMP haikosi kitu cha lazima.

Njia hii inamfaa mwenye maskara nene, mwenye kuchapa A4 kwenda juu, na mpiga picha anayelipwa.

Nyeusi-na-nyeupe

Njia hii huchukuliwa kama ya kukwepa kazi. Kwa picha ya kilio si kweli, kwani inaondoa tatizo zima la rangi, na nusu ya shida yetu ni rangi.

Wekundu wa macho ndio unaofaidika zaidi. Kwenye Snapseed, Black & White ina vichujio vya rangi. Ukichagua chekundu, kila kilicho chekundu kinakuwa cheupe zaidi, na mishipa ya macho inayeyuka ndani ya weupe wa jicho bila brashi hata moja. Kwenye GIMP ni Colors, Desaturate, Mono Mixer: jaribu Red 0.6, Green 0.4, Blue 0. Lakini ngozi ya kahawia nayo ina wekundu mwingi kuliko buluu, kwa hiyo kichujio hicho kinamfanya mtu mweupe kuliko alivyo. Tena ruji nyekundu inapauka hadi mdomo unaonekana mgonjwa. Kichujio cha machungwa ni maafikiano mazuri. Kisha shusha mwanga mpaka uso urudi kwenye weusi wake, ukiulinganisha na mkono au shingo kwenye picha ya asili.

Maskara haiondoki. Ni nyeusi tayari, na bila rangi inasimama imara zaidi. Ila kuisafisha ni kazi nyepesi, kwa kuwa yale majivu hayapo tena: kinachotakiwa ni mwanga kulingana na mwanga, basi. Dodge ya simu inatosha kwa upepeo mwembamba. Kwa hiyo geuza kwanza, safisha baadaye. Ile nene karibu na pua bado inadai Clone.

Michirizi inagawanyika. Ile iliyotofautiana na shavu kwa rangi tu, kama ya vumbi, karibu inapotea yenyewe. Mng'ao unaongezeka nguvu, na kama familia inataka machozi yaonekane, hakuna njia inayoyaonyesha kwa heshima kama hii.

Uvimbe ndio unaopata hasara. Picha iliyobaki na mwanga na kivuli peke yake inaonyesha umbo kwa ukali zaidi, hasa mwanga wa sale ukitoka juu. Usiongeze Structure wala kontrasti kabla ya kulainisha kivuli cha chini ya jicho.

Na kuna kinachopotea kwa kila mtu aliye kwenye picha. Rangi za fakilte kwenye toga zimekwisha, na kikwembe cha mama, kilichonunuliwa kwa ajili ya siku ile, kimekuwa kijivu. Kwa picha yetu hilo ndilo lililotuzuia: mama alitaka nguo yake ionekane. Lakini wasanii wa sale wenye taa za zambarau na kijani wametuletea picha nyingi ambazo rangi zake haziwezi kuokolewa, na hapo nyeusi-na-nyeupe inaokoa ngozi, macho na nguo kwa pamoja.

Utajuaje kama kazi imeharibika

Punguza picha hadi iwe ndogo kama kadi ya simu. Jicho likienda kwenye eneo ulilolifanyia kazi kabla ya kwenda kwenye mboni, kuna kiraka. Kisha igeuze kama kwenye kioo, kushoto kuwa kulia, na tofauti kati ya jicho moja na jingine itajitokeza mara moja. Vuta karibu utafute vitundu vinavyojirudia kwa mpangilio ule ule, ambavyo ni alama ya Clone iliyochukuliwa mahali pamoja mara nyingi. Kwa A3, chapa kwanza kipande cha uso peke yake kwa ukubwa ule ule utakaokuwa kwenye A3, kwenye karatasi ya 10 kwa 15. Kioo cha simu kinawaka, karatasi haiwaki: majivu yaliyojificha kwenye kioo yanaonekana hapo, na gharama ni ndogo kuliko kurudia kubwa.

Usisahau nguo pia. Kwenye picha yetu maskara ilikuwa imehamia kwenye bega la libaya la mama, doa dogo la kidole. Tulimwonyesha. Akasema liachwe.

Uchague kwa hali yako

Ukivuta karibu na kuona vitundu vya ngozi chini ya weusi, na picha inaenda kwenye statusi au albamu ndogo, fanya kwa Snapseed: Dodge kwanza, Temperature baadaye, Healing kwa michirizi peke yake.

Ukivuta karibu na kuona weusi mtupu usio na vitundu, hasa kando ya nywele za kope, usipoteze jioni kwenye simu. Ni GIMP, au mtu anayeijua, na Clone ya Lighten only. Hivyo hivyo kama ni A3, au kama fondoten imeoshwa shavu zima.

Kama tatizo kubwa ni macho mekundu na taa za rangi, na familia haijali nguo kuonekana, geuza nyeusi-na-nyeupe kwa kichujio cha machungwa na usafishe weusi baadaye.

Kama uvimbe ndio unaomsumbua mwenye picha kuliko yote, nyeusi-na-nyeupe iwe ya mwisho kufikiriwa. Snapseed itapunguza kivuli, GIMP itapunguza kivuli na umbo. Tazama pia picha zilizopigwa sekunde chache kabla au baada: mara nyingi kuna moja ambayo ameangalia chini, kope zimeshuka, na uvimbe hauonekani kabisa.

Kama ni picha nyingi za sherehe moja na muda ni mfupi, fanya zote kwa simu kwa kiwango cha chini, kisha uwaombe familia wachague moja ya ukutani. Hiyo moja ndiyo utakayoifungulia kompyuta, umeme ukirudi.

Na kama faili pekee uliyo nayo imetoka WhatsApp na mpiga picha hapatikani, ichape 10 kwa 15, usiikuze, na uguse weusi tu.